Madumu 3,529: mradi wa kukamua alizeti ulipopimwa kwa mauzo na riba

Watu sita wa Singida, wote wa ukoo mmoja isipokuwa shemeji yao, walitaka kununua mashine ya kukamua alizeti. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, na kila mtu, hata mdogo wake wa kuzaliwa, humwita Mwalimu. Alinijia na daftari la mistari lenye hesabu safi kabisa. Ukurasa wa mwisho aliandika kwa wino mwekundu: “Tukiuza madumu 2,600 kwa mwaka, tumepona.” Aliniomba niihakiki kabla hawajaenda benki. Takwimu nitakazotumia hapa nimezizungusha kidogo ili hesabu ifuatike na wenyewe wasitambulike, lakini umbo la kisa ni lilelile.

Nianze na mradi wenyewe. Jengo, mashine ya kukamua, mashine ya kuchuja, mizani na kuvuta umeme vingegharimu shilingi milioni 90. Juu yake walihitaji mtaji wa kuzungusha wa milioni 40, kwa sababu mkulima wa alizeti hauzi kwa mkopo: gunia likishuka kwenye mizani, pesa inatakiwa mkononi. Jumla ni milioni 130, zote zinatoka siku ya kwanza. Mradi ulipangiwa miaka mitano. Mwisho wake mtaji wa kuzungusha unarudi, na mashine na vifaa vingeuzwa kama vitu vilivyotumika kwa milioni 10, kwa hiyo mwaka wa tano unaingiza milioni 50 za ziada.

Kipimo cha mauzo ni dumu la lita 20. Kwa mashine ya ukubwa ule walikadiria kilo 70 za mbegu kutoa dumu moja. Dumu huuzwa 86,000, na mashudu yanayobaki, kilo 47 hivi, huwaletea 18,800 kutoka kwa wafugaji. Jumla ni 104,800. Mbegu zinameza 77,000 kwa bei ya 1,100 kwa kilo, na umeme, dumu tupu na vibarua ni 7,800. Kinachobaki kwa kila dumu ni shilingi 20,000. Gharama za kudumu, yaani mshahara wa fundi, mlinzi na mtunza stoo, leseni, bima na matengenezo, ni milioni 36 kwa mwaka, uuze usiuze.

Matarajio yao yalikuwa madumu 4,000 kwa mwaka. Hapo mradi unaingiza milioni 80, unatoa milioni 36, na unabakiwa na milioni 44 taslimu kila mwaka.

Kiwango cha punguzo, yaani riba ambayo pesa ya kesho hupunguzwa nayo ili ilinganishwe na ya leo, tuliafikiana kiwe asilimia 18. Mkopo waliotajiwa ulikuwa wa asilimia 17, na akiba yao wenyewe wasingependa izalishe chini ya hapo. Kwa kiwango hicho, shilingi moja inayokuja kila mwaka kwa miaka mitano ina thamani ya shilingi 3.127 leo, na shilingi moja ya mwisho wa mwaka wa tano ina thamani ya senti 43.7. Milioni 44 za kila mwaka zinakuwa milioni 137.6, milioni 50 za mwisho zinakuwa milioni 21.9, na ukitoa zile 130 unabaki na thamani halisi ya sasa ya milioni 29.45. Mradi unapita.

Kwenye jedwali la kompyuta hesabu hiyo ni mstari mmoja, nao una mtego unaowanasa wengi:

```
=NPV(B2,C9:G9)+B9
```

Hapa `B2` ni kiwango cha punguzo, `C9:G9` ni pesa za mwaka wa 1 hadi wa 5, na `B9` ni zile milioni 130 zikiwa na alama ya kutoa. Mwaka wa sifuri lazima ukae nje ya mabano. Ukiuingiza ndani, programu itadhani uwekezaji wenyewe unatokea mwisho wa mwaka wa kwanza, na jibu litakuwa milioni 24.96 badala ya 29.45. Kosa hili ni gumu kulinusa kwa sababu halibadilishi pale thamani inapogusa sifuri: kila kitu kimegawanywa kwa 1.18, na sifuri ikigawanywa hubaki sifuri. Mtu anaweza kupata vizingiti sahihi kabisa huku thamani ya mradi wake ikiwa na kosa la milioni nne na nusu.

Wino mwekundu wa Mwalimu

Mwalimu hakukosea kujumlisha. Alichukua gharama za kudumu milioni 36, akaongeza uchakavu wa milioni 16 kwa mwaka (milioni 90 kutoa 10 za kuuzia, gawanya kwa mitano), akapata 52, akagawanya kwa 20,000. Madumu 2,600. Ndiyo hesabu inayofundishwa kwenye kila semina ya ujasiriamali, na kwa swali lake ni sahihi. Swali hilo ni: kwa madumu mangapi vitabu havitaonyesha hasara?

Swali letu ni lingine. Tunataka kujua ni kwa madumu mangapi mradi unarudisha milioni 130 pamoja na asilimia 18 kwa mwaka ambayo pesa hiyo ingedaiwa au ingezalisha mahali pengine. Hesabu yake inakwenda kinyumenyume. Milioni 130 zitolewe thamani ya leo ya zile 50 za mwisho, yaani 21.855, zinabaki 108.145. Hizo ndizo zinazotakiwa kulipwa na miaka mitano ya biashara. Gawanya kwa 3.127, unapata milioni 34.58 kwa mwaka. Ongeza milioni 36 za gharama za kudumu, zinakuwa 70.58. Gawanya kwa 20,000: madumu 3,529.

Kwa herufi, ambapo `I` ni uwekezaji, `T` ni pesa ya mwisho, `v` na `A` ni vile vipunguzo viwili (0.437 na 3.127), `F` ni gharama za kudumu na `m` ni kinachobaki kwa dumu:

```
Q = ((I - T*v)/A + F) / m
```

Tofauti kati ya 2,600 na 3,529 haitokani na njia mbili za kupiga hesabu ileile. Kati ya namba hizo mbili kuna eneo ambamo mhasibu anafunga vitabu akitabasamu na wenye pesa wanazidi kuwa maskini. Nilimwonyesha Mwalimu mfano wa madumu 3,000. Faida ya vitabuni ni milioni 8 kila mwaka. Hata ukijumlisha pesa bila punguzo lolote, milioni 24 mara tano na zile 50 za mwisho ni 170, na wametoa 130, kwa hiyo wanaona wamepata 40. Lakini thamani halisi ya sasa ni milioni 33 chini ya sifuri.

“Sasa hiyo milioni 33 imepotelea wapi, kama pesa imeingia?” akauliza Mwalimu.

Imeliwa na muda. Uchakavu wa vitabuni unarudisha bei ya mashine bila kudai chochote kwa miaka ambayo pesa imelala ndani yake. Na ile milioni 40 ya mtaji wa kuzungusha, vitabu havioni kama ni gharama hata kidogo, kwa sababu ilitoka 40 na itarudi 40. Lakini 40 ya mwaka wa tano, kwa asilimia 18, ni milioni 17.5 za leo. Milioni 22 na nusu zimekwenda hapo tu, bila risiti.

Kizingiti cha mauzo kina njia ya mkato ambayo naipenda, kwa sababu inaweza kufanywa kichwani mkutanoni. Dumu moja zaidi kila mwaka linaleta 20,000 mara 3.127, yaani shilingi 62,543 za leo kwa maisha yote ya mradi. Thamani ya mradi ni milioni 29.45. Gawanya, unapata madumu 471: ndiyo nafasi waliyonayo kabla ya kugusa sifuri. Kwa asilimia ni 11.8 tu. Njia hii inafanya kazi kwa mauzo kwa sababu mstari wake umenyooka: kila dumu lina uzito uleule, la kwanza au la elfu nne.

Riba, na karatasi mbili za mkopo

Kwa kiwango cha punguzo mstari haunyooki, umepinda, kwa hiyo huwezi kugawanya mara moja. Unajaribu pande mbili za sifuri kisha unakadiria katikati. Kwa asilimia 26 thamani ya mradi ni milioni 1.69. Kwa asilimia 27 inakuwa milioni 1.23 chini ya sifuri. Kati yao umbali ni milioni 2.92, na sehemu ya 1.69 ndani yake ni 0.58. Kizingiti ni asilimia 26.6. Jedwali litakupa namba hiyohiyo kwa `=IRR(B9:G9)`, na safari hii mwaka wa sifuri unakaa ndani. Usisambaze ukadirio huu kwa umbali mkubwa, kwa mfano kati ya 18 na 30, kwa sababu mstari uliopinda utakupa kizingiti kilicho juu kuliko cha kweli.

Ukisoma namba mbili kwa haraka utasema: mauzo yanaweza kushuka asilimia 11.8 tu, riba inaweza kupanda kutoka 18 hadi 26.6, karibu nusu ya ilivyo, basi mradi ni dhaifu kwa mauzo na imara kwa riba. Nimeiona sentensi hiyo kwenye maandiko mengi ya miradi. Shida yake ni kulinganisha asilimia za vitu viwili visivyotembea kwa mwendo mmoja. Nafasi ya asilimia 11.8 ni pana kwa bidhaa ambayo mauzo yake hayatikisiki kwa zaidi ya asilimia 3, na ni uzi kwa zao linalotegemea mvua. Kizingiti hupimwa kwa kulinganishwa na mtikisiko unaoweza kutokea kweli.

Na upande wa riba, mtikisiko wa kweli ulikuwa ndani ya bahasha ya shemeji. Alikuwa na karatasi mbili kutoka kwa wakopeshaji wawili, zote zimeandikwa asilimia 17. Moja ilikuwa riba ya salio linalopungua, yaani unalipia deni lililobaki. Nyingine ilikuwa riba ya moja kwa moja: asilimia 17 ya deni lote la mwanzo, kila mwaka, hata ukiwa umebakiza robo. Kwa mkopo wa miaka mitano unaolipwa mara moja kwa mwaka, kila milioni iliyokopwa inalipwa 200,000 za deni na 170,000 za riba, jumla 370,000, mara tano. Ukitafuta riba ya salio inayolingana na malipo hayo, unaikuta kwenye asilimia 24.8.

Kundi zima walinyamaza hapo. Nafasi ya riba waliyodhani ni pointi 8.6, karatasi ya pili ilikuwa inakula karibu pointi 7 kabla mashine haijawashwa. Nikiweka 24.8 badala ya 18, kana kwamba pesa zote za mradi zina gharama hiyo, thamani ya mradi inashuka kutoka milioni 29.45 hadi 5.3, na kizingiti cha mauzo kinapanda hadi madumu 3,901. Kwa kweli nusu ya pesa ilikuwa akiba yao, kwa hiyo athari yenyewe ingekuwa ndogo kuliko hiyo. Lakini ilitosha kuiondoa karatasi ya pili mezani.

Vikipanda na kushuka pamoja

Hapo ndipo inapoonekana kwamba vizingiti hivi si viwili vilivyotengana. Kila riba ina kizingiti chake cha mauzo. Nililiweka jedwali hili ukutani kwa karatasi kubwa. Thamani zote ni milioni za shilingi.

| Madumu kwa mwaka | 14% | 18% | 22% | 26% |
|---|---|---|---|---|
| 3,200 | −7.9 | −20.6 | −31.3 | −40.5 |
| 3,600 | 19.6 | 4.4 | −8.4 | −19.4 |
| 4,000 | 47.0 | 29.5 | 14.5 | 1.7 |
| 4,400 | 74.5 | 54.5 | 37.4 | 22.8 |
| Kizingiti | 3,315 | 3,529 | 3,747 | 3,968 |

Mstari wa chini ndio wa kukaa nao. Kila riba inapopanda pointi nne, kizingiti kinapanda madumu 214, kisha 218, kisha 221. Kwa vitendo, kila pointi moja ya riba inadai madumu 54 au 55 zaidi kwa mwaka. Mwalimu aliigeuza kuwa lugha ya stoo papo hapo: dumu moja ni kilo 70, kwa hiyo pointi moja ya riba ni karibu tani 4 za mbegu kila mwaka. Sikuwa nimefikiria kuisema hivyo. Tangu siku ile wakizungumzia mkopo hawataji asilimia, wanataja tani.

Jedwali hili linaonyesha pia kwamba safu ya 4,000 iko salama hadi mwisho wa upande wa kulia, lakini kwa uzi. Mauzo yakiwa 3,600, ambayo ni pungufu ya asilimia 10 tu, mradi unapita kwa 18 na unaanguka kwa 22. Hiyo ni hali ya kawaida kabisa, mauzo pungufu kidogo na mkopo ghali kidogo, wala si janga.

Dumu halishuki peke yake

Uchambuzi wa unyeti unagusa kitu kimoja au viwili na kuvishikilia vingine vyote. Kwa mradi huu, kitu nilichokishikilia ni zile shilingi 20,000 za kila dumu, na ndicho kilichonikosesha usingizi kuliko mauzo na riba vyote.

Tazama jinsi zilivyopatikana: ni tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa, 104,800 na 84,800. Mauzo yakibaki 4,000 na riba 18, kinachobaki kwa dumu kinaweza kushuka hadi 17,646 tu kabla mradi haujagusa sifuri. Hiyo ni nafasi ya shilingi 2,354. Igawanye kwa kilo 70, unapata kwamba mbegu zikipanda kutoka 1,100 hadi 1,134 kwa kilo, huku bei ya mafuta imesimama, mradi umekwisha. Asilimia 3. Na bei ya mafuta haiko mikononi mwao, kwa sababu dumu la alizeti linasimama sokoni kando ya mafuta ya mawese yatokayo nje.

Sasa jiulize mauzo yanashuka kwa sababu gani. Kwa Singida, mara chache ni kwa kukosa wanunuzi. Ni kwa kukosa mbegu. Mvua ikiwa haba, magunia yanakuwa machache na wakamuaji wote wanayagombania, basi bei ya mbegu inapanda katika mwaka uleule ambao madumu yanapungua. Safu ya 3,200 kwenye jedwali, yenye hasara ya milioni 20.6, inadhani mbegu zimebaki 1,100. Ongeza shilingi 50 tu kwa kilo: kinachobaki kwa dumu kinakuwa 16,500, na hasara inaruka hadi milioni 55.6. Kwa bei hiyo ya mbegu kizingiti cha mauzo ni madumu 4,278, juu ya matarajio yao yenyewe.

Jambo la pili ambalo kizingiti kinaficha ni kwamba 3,529 ni kila mwaka, mwaka wa kwanza ukiwemo. Mashine mpya, fundi anayejifunza, wateja ambao hawajakuamini: nani anauza 4,000 mwaka wa kwanza? Nilijaribu madumu 2,500 kwa mwaka wa kwanza na 4,000 kwa miaka minne iliyofuata. Wastani wake ni 3,700, juu ya kizingiti, na thamani ya mradi inabaki milioni 4 tu. Upungufu uleule ukitokea mwaka wa tano, thamani inabaki milioni 16.3. Kwa hiyo wastani wa miaka mitano haukuambii kitu mpaka ujue mwaka mbaya umekaa wapi. Tukatafuta kizingiti cha mwaka wa kwanza peke yake, mingine ikiwa 4,000 kamili: madumu 2,262. Chini ya hapo, miaka minne mizuri haitoshi kufidia.

Shemeji aliuliza kodi iko wapi, na alikuwa na haki. Hesabu zote za juu ni kabla ya kodi. Nikitoza asilimia 30 ya faida, na uchakavu ukikatwa sawasawa kila mwaka, thamani ya mradi inabaki milioni 3.2 na kizingiti kinapanda hadi madumu 3,927. Sheria ya kodi ina viwango vyake vya uchakavu, na vinavyokata kwa wingi mwanzoni hupunguza makali hayo kidogo. Upande wa pili, nilitumia bei za leo kwa miaka yote mitano lakini riba ya benki, ambayo ndani yake tayari kuna mfumuko wa bei. Ukiutoa mfumuko wa asilimia 3, riba ya 18 inakuwa 14.6 na kizingiti kabla ya kodi kinashuka hadi 3,345. Makosa mawili yanayovutana pande tofauti, lakini la kodi lina nguvu zaidi. Kwa hiyo 3,529 tuliisoma kama namba ya upole.

Walichofanya

Hawakukataa mradi na hawakuukubali. Waligeuza kizingiti kuwa kitu kinachohesabika kabla ya kutoa pesa. Madumu 3,529 ni tani 247 za mbegu, na kwa gunia lao la kilo 65 ni magunia 3,800. Wakaandaa karatasi rahisi ya ahadi: jina la mkulima, kijiji, magunia, na bei isiyozidi 1,100 ikilipwa taslimu mizanini. Mkulima hafungwi na karatasi hiyo mahakamani, na kila mmoja alijua hivyo. Lakini mtu aliyekwisha kukataa kuandika magunia yake si wa kumtarajia Juni.

Baada ya wiki tano Mwalimu alirudi na daftari lilelile. Ahadi zilikuwa magunia 2,900. Tulipiga pamoja: mara 65, gawanya kwa 70, madumu 2,693.

Aliitazama namba ile muda mrefu, kisha akafungua ukurasa wenye wino mwekundu. “Tisini na tatu juu ya 2,600,” akasema. “Kwa hesabu yangu ya kwanza, leo ningekuwa nimeshalipia mashine.”

Kwa hesabu ya pili mradi wa madumu 2,693 kwa mwaka una thamani ya milioni 52 chini ya sifuri. Magunia 900 yalikuwa bado yanatafutwa, na kesho yake wadogo zake wawili walipanda pikipiki kwenda Mkalama.